Wiki tatu mwanangu hakusikia, na lawama akapewa yeye

Hasira hii nimekaa nayo muda mrefu, leo naitoa. Mwanangu ana kipandikizi cha koklea, yaani kifaa kinachowekwa kwa upasuaji kwenye koklea, sehemu ya ndani kabisa ya sikio, pamoja na mashine inayovaliwa nje. Kuna wakati alikaa kama wiki tatu hasikii, nami naambiwa mashine ni nzima, mtoto ndiye mtundu.

Kwanza mjue kwa nini tulifika huko. Mwanangu alizaliwa kiziwi. Tukaanza na shimesikio, vile vifaa vya kuvaa sikioni vya kukuza sauti, masikio yote mawili, karibu nusu mwaka, maana huwezi kukubaliwa upasuaji bila kujaribu hizo kwanza. Akawa anageuka mlango ukibamizwa, lakini jina lake hapati. Daktari alinieleza vizuri: shimesikio inakuza sauti tu, ila ndani ya sikio lazima viwepo vinyweleo vya kuipokea. Vikiwa vimekufa, hata ukuze vipi, unampigia kelele mtu asiyekuwepo. Kipandikizi kinavipita hivyo vinyweleo na kuusisimua mshipa wa kusikia wenyewe kwa umeme. Ndiyo maana alipigwa picha za CT na MRI, waone kama mshipa upo na koklea haijaziba. Mshipa usipokuwepo, kifaa hakina kazi.

Upasuaji wenyewe sina neno nao. Tangu hospitali ya Muhimbili waanze mwaka 2017, si lazima tena mtu afunge safari ya India, na hilo nalishukuru. Mwezi hivi baada ya kidonda kupona akawashiwa mashine, akalia, akanishika shingo. Sikutarajia aseme "mama" siku ile. Nilishaambiwa umri wake wa kusikia unaanza kuhesabiwa hapo, kwamba ni kichanga, japo ana miaka miwili na ushee. Tukawa tunarudi kupandishiwa viwango kidogo kidogo, na nyumbani ni mazoezi kila siku. Nakaa ubavuni kwake asisome midomo, namsikilizisha kwanza maji yanavyomiminika, ndipo namwonyesha jagi. Baada ya miezi kadhaa akaanza kusema "ma-i". Nililia jikoni.

Halafu akanyamaza. "Ma-i" ikapotea. Nikimwita hageuki, mara anageuka, mara hageuki tena. Nikampeleka kwa wakala wa vifaa. Yule kijana akaitazama mashine bila hata kumvua mtoto, akasema, "Mama, taa inawaka, mashine iko poa. Huyu hataki tu kusikiliza. Mmemdekeza." Mbele ya watu. Nikarudi nyumbani nikamkalia mtoto kooni, namlazimisha aitike. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Aliyetuokoa ni mama mwenzangu tuliyekutana naye kwenye tiba ya matamshi. Akaniuliza, "Asubuhi unampima sauti sita?" Sikuwahi kusikia habari hiyo. Unasimama nyuma ya mtoto, umeziba mdomo, unatoa moja moja: aa, uu, ii, mmm, shh, sss. Zinaanzia sauti nzito hadi nyembamba, kwa hiyo zinagusa maneno yote tunayosema. Kila akisikia anatia kizibo kwenye ndoo. Mwanangu alitia cha "aa", akageuza kichwa kidogo, zilizofuata zote kimya. Mwenzangu akaukunja taratibu ule waya mwembamba unaotoka kwenye mashine kwenda kwenye koili yenye sumaku inayonata kichwani. Ukikunjwa huku anasikia, ukikunjwa kule hasikii. Ulikuwa umekatika ndani, juu hauonyeshi kitu. Akavua waya wa mwanawe, aina ile ile, akauchomeka kwetu. Vizibo sita vikaingia ndooni. Mashine yenyewe akanionya nisiazimane kamwe, viwango vya mtoto mmoja vinaweza kumuumiza mwingine. Waya tu.

Taa ilionyesha mashine ina chaji. Haikuonyesha kwamba sauti inafika kichwani. Na mtoto wa kipandikizi waya ukikatika si kwamba anasikia kidogo, hasikii kabisa, na mdogo vile hana neno la kukwambia. Kijana yule alipaswa kulijua hilo kuliko mimi.

Je, ningewashauri mwende mkawekewe watoto kipandikizi? Nilipoanza kuandika nilitaka kusema hapana, msiende, mtaachwa na waya mkononi. Waya wa akiba tuliungoja sana, na bei yake si ya mchezo. Lakini juzi mvua ilianza usiku, mwanangu akaja kitandani kwangu akasema "mama, mvua", na nje palikuwa giza, hakuona kitu. Basi nendeni. Ila kwa wakala yule mimi sirudi, na kabla hamjasaini chochote waambieni wawape waya wa pili mkononi, si ahadi.