Kumtumia mfamasia picha ya lebo ya dawa: uzoefu wangu

Mama yangu aliandikiwa doksisaiklini ya miligramu 100, kapsuli za kwenye chupa. Siku ya tatu akaanza kulalamika kwamba kifua kinamuwaka kila akimeza. Maandishi ya kwenye lebo yalikuwa madogo mno, macho yake hayayawezi na yangu yalihangaika. Ndipo nikajaribu huduma ya mfamasia anayesoma lebo kwa picha kupitia simu.

Picha ya kwanza ilikataliwa. Nilikuwa nimewasha flashi, mwanga ukagonga plastiki na kufuta mstari mzima wa katikati. Isitoshe, chupa ni ya duara, kwa hiyo picha moja huonyesha upande mmoja tu na maneno ya pembeni hukatika. "Dada, hapa siwezi kukisia," aliniandikia mfamasia. "Zima flashi, sogea karibu na dirisha, piga picha tatu huku ukizungusha chupa kidogo kidogo. Kila picha irudie maneno machache ya ile iliyotangulia. Halafu nipigie na ya kitako." Kitakoni ndiko ilikoandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa kukataa kukisia, hapo hapo alinifanya nimwamini, maana nambari moja ikisomwa vibaya dozi nzima inabadilika.

Upande wa mbele kulikuwa na maandishi ya kalamu: 1 x 2. Akanieleza kwamba ni kapsuli moja mara mbili kwa siku, wala si mbili kwa mkupuo, na kwamba mara mbili maana yake ni kila baada ya saa 12. Akauliza mama anameza saa ngapi. Nikamjibu saa 1 asubuhi, na ya pili saa 4 usiku akienda kulala, kwa funda moja la maji.

"Hebu soma picha yako ya pili," akasema. Maneno yalikuwepo, kwenye ule ubavu uliokatika mwanzoni: imezwe kwa maji mengi, mgonjwa akiwa amekaa au amesimama. Kapsuli hii ikikwama kooni inayeyukia palepale na kuunguza utando wa koo la chakula. Mtu akilala muda huohuo, hakuna cha kuisukuma iteremke. Tuliambiwa glasi nzima ya maji, kisha akae wima angalau nusu saa. Dozi ya pili tukaihamishia saa 1 jioni, mama akiwa bado anazungumza na wajukuu.

Kilichonishtua kilikuwa mstari uliofuata: isimezwe pamoja na maziwa, dawa za kiungulia, wala vidonge vya madini ya chuma au zinki. Nikamuuliza mama. Kumbe kila usiku kifua kilipowaka, alikuwa anatafuna kidonge cha kiungulia! Madini yaliyomo kwenye vidonge hivyo hushikamana na doksisaiklini tumboni, na dawa iliyoshikwa hivyo haiingii vizuri kwenye damu. Kwa hiyo dawa ilimuunguza, akatafuta nafuu, na nafuu yenyewe ikaipunguza nguvu dawa. Mfamasia alisema kama hapana budi, kidonge cha kiungulia kiliwe saa 7 mchana, mbali na dozi zote mbili. Pia ajikinge na jua kali, kwa sababu dawa hii huifanya ngozi iungue upesi.

Kuhusu kuhifadhi, lebo ilisema chini ya nyuzi 25, pakavu, pasipo na mwanga. Mama aliiweka dirishani asiisahau. Nikauliza kama niiweke kwenye friji, akanikataza, kwani unyevu huingia kila chupa ya baridi inapofunguliwa. Sasa iko kwenye kabati la chumbani, na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, ambacho nilitaka kukitupa, kimebaki ndani.

Nitaitumia tena huduma hii, ila nina lalamiko moja. Swali la dawa nyingine anazotumia mgonjwa lilikuja baada ya lebo kusomwa, na kwa maoni yangu lingetangulia. Lebo haijui kuna nini kingine kabatini. Kama nisingemuuliza mama mwenyewe, kile kidonge cha usiku kingeendelea.

Mfamasia hakusema kwamba ameumaliza ugonjwa. Alisema maumivu ya kumeza yasipopungua, au yakizidi, mama arudi kwa daktari mapema bila kungoja kapsuli ziishe, kwa sababu picha ya lebo haionyeshi koo limeumia kiasi gani. Baada ya siku tatu za kumeza amekaa, kwa glasi nzima, mama alikula ugali wake bila kushika kifua.