Zawadi ya mkulima anayepulizia dawa: anza na glavu, bomba liwe la mwisho

Ukitaka kumpa zawadi ndugu mkulima, wazo la kwanza huwa jembe jipya au bomba la kupulizia dawa. Naomba uanze kwingine. Jembe atajinunulia mwenyewe, maana bila jembe kazi haifanyiki. Asichojinunulia ni kile alichozoea kufanya kazi bila kuwa nacho miaka yote, na kwa mkulima anayepulizia dawa kitu hicho karibu kila mara ni kinga ya mwili. Ndiyo maana mpangilio wangu unaanza na vitu vidogo na kuishia na kikubwa.

Ya kwanza: glavu za mpira wa nitrili

Mara ya kwanza nilimpelekea mjomba glavu za kitambaa zilizopakwa mpira kiganjani. Zilikuwa nzuri kwa macho, akafurahi, akazivaa kupulizia. Jioni nilipoziokota kando ya bomba, upande wa juu wa vidole ulikuwa umelowa na unanuka dawa. Kitambaa kilikuwa kimeifyonza na kuishikilia kwenye ngozi yake kutwa nzima. Mkono mtupu angalau angeunawa mara mbili tatu. Kwa hiyo kwa kazi hii usinunue glavu za kitambaa, za ngozi, wala zenye bitana ya pamba ndani.

Mikono inastahili kutangulia kwa sababu ya hesabu rahisi. Tuseme lebo inataka mililita 40 za dawa katika bomba la lita 16. Hiyo ni sehemu moja kwa mia nne. Tone linalomdondokea kidoleni wakati anapima kutoka kwenye chupa lina nguvu mara 400 kuliko tone linalotoka kwenye bomba. Hatari kubwa iko pale kwenye kupima na kuchanganya, dakika chache kabla hajaingia shambani.

Tafuta glavu za nitrili zisizo na bitana, zenye unene wa milimita 0.35 au zaidi, na zinazopanda hadi katikati ya mkono kati ya kifundo na kiwiko. Zile nyembamba za kutupa huchanika upesi. Alama ya kutafuta kwenye pakiti ni ISO 18889, na daraja liwe G2, kwa kuwa G1 haikukusudiwa dawa ambayo haijachanganywa na maji.

Saizi usiikisie. Zungusha uzi kwenye kiganja chake chini kidogo ya vifundo vya vidole, ukiacha dole gumba nje, kisha pima uzi huo. Sentimita 23 ni saizi 9, sentimita 25 na nusu ni saizi 10. Uzi wa mjomba ulitoa 24 na nusu, nikachukua 10, kwa sababu glavu inayobana huvuliwa kazi ikiwa katikati.

Kabla ya kulipa, kunja mdomo wa glavu ili hewa ibaki ndani, ubane, uisogeze karibu na shavu. Tundu dogo utalihisi kama upepo mwembamba. Ukishamkabidhi, mwonyeshe jambo moja tu: azioshe kwa sabuni zikiwa bado mkononi, ndipo azivue.

Ya pili: barakoa yenye vichungi

Hapa ndipo wanunuzi hupotea zaidi. Barakoa nyeupe ya vumbi, hata ikiwa nzuri, huzuia chembe tu. Mvuke wa dawa unapita. Kinachohitajika ni barakoa ya mpira inayofunika pua na mdomo, yenye vichungi vya kufunga na kufungua ubavuni. Kichungi kinachofaa dawa nyingi za shambani kimeandikwa A2P2, nacho kina mstari wa kahawia kwa ajili ya mvuke na mweupe kwa ajili ya chembe. Lakini lebo ya dawa anayotumia ndiyo inayoamua, kwa hiyo ipige picha kabla hujaenda dukani.

Angalia tarehe ya mwisho kwenye kichungi na uhakikishe kimefungwa bila kutoboka, maana kikishapata hewa kinaanza kuchoka hata kama hakijavaliwa. Nunua jozi mbili, kwa sababu barakoa isiyo na vichungi vya akiba itaishia kutundikwa ukutani. Andika kwa kalamu ya wino tarehe ya kufungua. Akianza kusikia harufu ya dawa ndani ya barakoa, vichungi vimekwisha. Zipo dawa zisizo na harufu, kwa hiyo afuate pia muda uliotajwa na mtengenezaji. Baada ya kazi avihifadhi kwenye mfuko uliofungwa vizuri, mbali na dawa zenyewe.

Kumpima ni rahisi. Aivae, azibe vichungi kwa viganja, avute pumzi taratibu. Barakoa ikishika uso na kubaki hivyo, imemkaa. Hewa ikiingia pembeni mwa pua, jaribu saizi nyingine. Mwenye ndevu haitamkaa kamwe, na zawadi hii usimpe mpaka mmezungumza kuhusu wembe.

Ya tatu: gambuti

Pinda mpira wa shingo ya kiatu kwa nguvu. Ukiona nyufa nyembamba kama mikwaruzo, hilo limekaa stoo muda mrefu. Pitisha kidole ndani pale soli inapoungana na mwili. Gundi iliyoachia hujulikana kwa mkono kabla ya jicho. Kama shamba lake lina visiki na misumari, tafuta alama S5, yaani gambuti lenye chuma kwenye vidole na kinga ya kutobolewa ndani ya soli. Ni zito, na kwa mtu wa tambarare laini litamchosha bure. Suruali ikae nje ya gambuti, la sivyo dawa inatiririka na kujikusanya ndani.

Ya nne: tupa ya kunolea, na jembe ukitaka

Tupa bapa yenye mpini wake ina manufaa kuliko jembe la pili, kwa sababu jembe butu ndilo linalovunja mgongo. Ukiamua kununua jembe, omba ruhusa uguse kona yake kwa tupa. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno, hakitanoleka na kitamomonyoka kwenye jiwe. Ikila kwa ulaini kama inakwangua madini ya risasi, makali hayatamaliza siku. Unataka iume huku ikikataa kidogo. Kwenye mpini fuata mistari ya mti kwa kidole: iende sambamba hadi mwisho. Ikitokea ubavuni, ndipo utakapovunjikia.

Ya mwisho: bomba

Bomba ni zawadi kubwa na huvutia macho, lakini mwenye bomba zima hahitaji jingine, na anayepewa bomba bila glavu ameongezewa nafasi ya kujiumiza. Ikiwa la zamani limekufa kweli, uliza kwanza kama dukani kuna mipira ya akiba na nozeli za modeli hiyo hiyo; kama hazipo, liache. Kisha liombee maji safi, lijaze, lipampu mpaka ligome, ulibebe mgongoni dakika tano. Pitisha mkono kwenye mgongo wa shati lako na kwenye maungio ya fimbo ya kupulizia. Ukikuta unyevu wowote, chukua jingine na urudie.