Uzoefu wangu: ukurasa wa ofa moja wa kuuzia taa za dagaa (nyota 3 kati ya 5)

Nililipia fundi anitengenezee ukurasa wa mtandaoni wa kuuzia kitu kimoja tu: seti ya taa 4 za sola za kuvulia dagaa, mzigo unapelekwa hadi kwenye mwalo wa mteja, iwe Igombe au Ukerewe. Muonekano ulikuja msafi. Maneno na fomu ndivyo vilivyorudishwa kwa fundi mara mbili.

Kichwa cha kwanza kilisomeka "Mwanga bora kwa maisha bora". Aliyebonyeza tangazo la taa za dagaa akikutana na maneno hayo hajui kama amefika penyewe. Huenda ni taa za sebuleni. Tukaweka: "Taa 4 za kuvulia dagaa, zinawaka usiku kucha bila mafuta ya taa." Ni maneno yaleyale ya tangazo, na mwenye karabai anaona hapohapo gharama ipi inamtoka.

Chini yake fundi alikuwa ameandika "Wateja wanatuamini", na picha ya watu wanacheka ofisini. Mvuvi haimsaidii kitu. Ahadi ni usiku kucha, basi ushahidi uwe wa usiku kucha: picha mbili za taa ileile majini, moja ya saa 2 usiku, nyingine ya saa 11 alfajiri, saa ya mkononi ikionekana ndani ya picha. Zilikuwa na megabaiti 3 kila moja, na mtandao ukiwa dhaifu zilifunguka nusu. Zikapunguzwa hadi chini ya kilobaiti 200.

Menyu, viungo vya mitandao ya kijamii na "Soma zaidi" vyote viliondolewa. Kilibaki kitufe "Weka oda ya seti", juu na chini ya ukurasa, kwa maneno yaleyale. Kukirudia hakuna ubaya. Ubaya ni kumfungulia mtu mlango mwingine wa kutokea.

Fomu ilikuwa na visanduku 9, hadi sanduku la posta! Tukabakiza 3: jina, simu na mwalo, maana mwalo ndio unaoamua nauli ya mzigo. Mengine yanaulizwa kwa simu, na simu hiyo ni lazima, kwani fomu fupi huleta pia oda za utani.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye namba. Fomu ilikataa 07 na kudai +255, tena onyo lenyewe kwa Kiingereza. Dalili yake: kitufe kinabonyezwa, oda haziingii. Kisanduku sasa kiko hivi:

```html
<input type="tel" name="simu" autocomplete="tel" required>
```

`type="tel"` huleta kibodi ya namba kwenye simu, ila haihakiki namba yenyewe. Kubadili 0 ya mwanzo kuwa +255 kufanyike upande wa seva, mteja akishatuma.

Nyota 2 nimezikata hapo. Bei ya fundi haihusishi kujaribu fomu kwenye simu ya bei nafuu yenye laini ya hapa. Liulizeni hilo kabla ya kulipa malipo ya awali.