Chupa mbili za sake kutoka Fushimi, na ile niliyoiharibu kwa moto

Nilipopita Kyoto nilishuka hadi Fushimi, mtaa wa watengenezaji sake, pombe ya mchele ya Kijapani, kusini mwa mji, nikanunua chupa mbili za mililita 720. Zote ziliandikwa junmai, yaani ni mchele, maji, hamira na kuvu ya koji tu, hazikutiwa spiriti. Kilichozitofautisha ni namba ndogo ya nyuma: moja asilimia 70, nyingine 50.

Namba hiyo nilikuwa naisoma kinyume. Haisemi kilichokobolewa, inasema kilichobaki. Kwenye 50, kilo mia za mchele wenye ganda lake la kahawia zimebaki kilo hamsini. Ni kama tofauti ya dona na sembe, ila hapa mashine inaendelea kukwangua hata punje ikishakuwa nyeupe, polepole, kwa saa nyingi mno, maana ikipata joto inapasuka. Sehemu ya nje ina protini na mafuta, vinavyoipa sake uzito na kuifunika harufu yake. Katikati ni wanga karibu mtupu. Ikibaki 60 au chini ya hapo inaruhusiwa kuitwa ginjo, ikibaki 50 au pungufu ni daiginjo. Junmai ya kawaida, tangu 2004, haina kiwango cha lazima.

Daiginjo niliinywa kwanza baridi, kama nyuzi 10. Ilinukia ndizi mbivu, kisha tufaha, na ilipita kooni laini kabisa. Kesho yake jioni kulikuwa na baridi kali, nikaipasha moto. Nilijuta. Harufu yote ilipaa na mvuke, kikombeni ukabaki ukali wa pombe tu.

Ile ya 70 ilikuwa kinyume chake. Ikitoka kwenye friji ilikuwa imefunga, na uchungu kidogo mwishoni. Nikaimimina kwenye tokkuri, kile kibuyu cha udongo, nikachemsha maji, nikazima jiko ndipo nikakitumbukiza hadi karibu na shingo. Baada ya dakika tatu hivi nikapima: nyuzi 40, ambayo Wajapani huiita nurukan. Ilifunguka! Ladha ya wali unaotoka jikoni, uchachu mpole, na utamu ambao baridi ilikuwa imeuficha. Nilipoiacha ifike 55 ilianza kuchoma pua, kwa hiyo siku hizi nagusa kitako cha kibuyu: kikiwa na joto la kushikika bila kuunguza, natoa. Maikrowevu sishauri, juu inaungua huku chini ikiwa bado baridi.

Zipo daiginjo zinazovumilia joto kidogo, kwa hiyo muuzaji aulizwe. Yangu niliirudisha kwenye friji, na baada ya wiki harufu ya ndizi ilikuwa imefifia sana, wakati ile ya 70 ilikuwa bado nzuri. Safari ijayo daiginjo nitachukua chupa ndogo ya mililita 300 niimalize siku hiyohiyo, na ile ya 70 nichukue kubwa.