Hatifungani ya Serikali Kupitia Benki: Laki Mbili za Mama Mdogo Zilikwenda Wapi?

Habari zenu jamani. Leo sina simu mpya wala friji mezani, nina karatasi. Mnaiona hii? Ni taarifa ya mama mdogo wangu, jina nimeliziba kwa kidole. Amestaafu uuguzi, kiinua mgongo kikatoka, akaenda benki yake kununua hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani kuikopesha serikali pesa kwa miaka 20 huku ikimlipa riba. Akaambiwa riba ni asilimia 15.25. Akasema sawa, nipeni ya milioni 5. Siku ya malipo akaunti ikakatwa milioni 5 na laki 2, na usiku ule ule akanipigia: "Mwanangu, wameniibia laki mbili."

Hawakuiba. Ila waliomhudumia hawakumweleza, na hapo ndipo wanunuzi wengi wa mara ya kwanza wanapojikwaa. Kwa hiyo bidhaa ya leo nitaichambua kwa kuifuata hiyo laki mbili.

Kwanza namna inavyonunuliwa. Tanzania, anayeuza ni Benki Kuu kwa niaba ya serikali, na anauza kwa mnada. Wewe huendi Benki Kuu. Unakwenda kwenye benki ya biashara au kwa dalali aliyeruhusiwa, unafunguliwa akaunti ya CDS. Hiyo ni akaunti ya kutunzia hatifungani zako, siyo ya pesa. Unapeleka kitambulisho cha NIDA, picha, na namba ya akaunti ya benki ambamo riba itakuwa inaingia. Kisha unajaza fomu ya zabuni kabla ya siku ya mnada. Hatifungani zinaanzia shilingi milioni 1, unaongeza kwa laki laki. Minada yake kwa kawaida ni Jumatano, malipo Alhamisi.

Kwenye fomu kuna aina mbili za zabuni. Ya ushindani, unataja bei mwenyewe. Ukitaja ndogo sana unakosa, unarudi nyumbani na pesa zako. Isiyo ya ushindani, hutaji bei; unapewa wastani wa bei za walioshinda. Mtu wa kawaida anashauriwa hii ya pili, na mimi nakubali. Lakini shikeni hapo: umekubali bei ambayo hujaijua bado.

Sasa laki mbili. Bei ya hatifungani hutajwa kwa kila shilingi 100. Siku ile wastani ulitoka 104. Maana yake karatasi ya shilingi 100 imenunuliwa kwa 104, na karatasi ya milioni 5 kwa milioni 5 na laki 2. Mama mdogo hakuweka milioni 5. Alinunua karatasi iliyoandikwa milioni 5.

Na riba inahesabiwa kwenye kilichoandikwa, siyo kwenye ulichotoa. Asilimia 15.25 ya milioni 5 ni shilingi 762,500 kwa mwaka. Inalipwa mara mbili, 381,250 kila baada ya miezi 6. Ukiigawa ile 762,500 kwa pesa aliyotoa kweli, unapata kama asilimia 14.7. Halafu mwaka wa 20 serikali inarudisha milioni 5, siyo milioni 5 na laki 2. Ukiiingiza na hiyo, faida yake halisi inakaa kwenye 14.6 hivi. Bado ni nzuri sana, sikatai. Lakini siyo 15.25. Na bei ikitoka chini ya 100, hesabu inageuka upande wako: unatoa pungufu, mwisho unarudishiwa kamili.

Kwa hiyo ukifika dirishani usiulize riba ni ngapi tu. Uliza bei ya mnada uliopita wa hatifungani ya aina hii ilikuwa ngapi. Matokeo yapo wazi kwenye tovuti ya Benki Kuu. Na uliza jingine: naingia mnadani, au mnaniuzia iliyo mikononi mwenu? Maana benki nayo ina hatifungani zake na inaweza kukuuzia, kwa bei yake. Si kosa, ila hapo unalipa pia riba iliyokwisha kujikusanya tangu malipo ya mwisho, na lazima uone mchanganuo. Ukishalipa, usiridhike na risiti ya benki. Dai taarifa ya CDS yenye jina lako, kama hii.

Kuna kaka aliuliza kuhusu dhamana za serikali za muda mfupi, nazo ni mkopo kwa serikali. Zile za mwaka mmoja kushuka chini hazina riba ya kila miezi 6. Unanunua kwa punguzo: tuseme unatoa 920,000, baada ya siku 364 unapewa milioni 1. Zinaanzia laki 5, na faida yake inakatwa kodi ya zuio, wakati riba ya hatifungani ndefu haikatwi. Pesa ya ada ya mtoto mwakani, ikae huku.

Hatari sasa. Watu wakisikia serikali wanadhani hakuna. Serikali kushindwa kulipa hutokea. Ghana, Desemba 2022, ilitangaza kubadilisha hatifungani za ndani kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Ila hatari iliyo karibu na wewe ni nyingine: kuhitaji pesa kabla ya wakati.

Twende na mfano wa hapa hapa. Aprili 2022 riba ya hatifungani ya miaka 20 ilishushwa kutoka 15.49 hadi 12.10. Waliokuwa na zile za zamani walicheka, karatasi zao zikawa lulu. Baadaye mpya zikatoka tena kwa 15.25. Sasa fikiria wewe ulinunua ile ya 12.10 kwa bei ya 100, na baada ya miaka miwili una mgonjwa, unataka kuuza. Nani atainunua yako kwa 100 wakati mpya inalipa 15.25? Lazima ushushe bei mpaka mnunuzi apate kama anachopata kwingine. Nimepiga hesabu, inaangukia kama 81. Karatasi ya milioni 5 inakupa milioni 4 na elfu 50, kabla ya ada ya dalali. Serikali haijakosa kulipa hata senti, na wewe umepoteza karibu milioni moja.

Tena kuuza kwenyewe, kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, si kama kutoa pesa kwa wakala wa simu. Dalali anatafuta mnunuzi, na karatasi ndogo inaweza kusubiri. Kuna njia ya katikati: benki nyingi hukubali hatifungani kama dhamana ya mkopo. Ukikopa miezi 3 ukalipa, huenda ikawa nafuu kuliko kuuza kwa 81.

Mama mdogo nilipommalizia haya yote alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza: "Sasa mwezi wa kwanza wa ile laki tatu na themanini ni upi?" Nikamwambia ahesabu miezi 6 tangu siku ya malipo. Akasema basi, anaenda kuandika ukutani, pembeni ya kalenda ya kanisa. Na zile milioni 3 zilizobaki kwenye kiinua mgongo? Ameziweka kwenye dhamana ya siku 364, kwa sababu paa la nyumba yake linavuja.