Toroli za saiti Dodoma: tairi la upepo, la foamu au la mpira mtupu?

Aina zote tatu nimezitumia kwenye toroli za ukubwa mmoja, zile zinazovaa tairi la 4.00-8. Kwa saiti za Dodoma uamuzi wangu ni huu: njia ikiwa kichanga kilicholegea, tairi la upepo liko mbele pamoja na miiba yake yote. Njia ikiwa imeshindiliwa lakini imejaa misumari, nunua la foamu. La mpira mtupu libaki juu ya jamvi la zege. Wengi huchagua kwa kuogopa pancha tu, na pancha kweli ni kero, ila kinachommaliza nguvu kibarua ni gurudumu linalozama.

Chukua toroli yenye lita 50 za zege. Mita moja ya ujazo ya zege ina karibu kilo 2,400, kwa hiyo umebeba kilo 120, na toroli yenyewe kama kilo 15. Mzigo umekaa karibu na gurudumu, hivyo mikono hubeba kama theluthi na gurudumu hubaki na kilo 90. Tairi la upepo lenye PSI 30 litagusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 43 hivi. Teremsha upepo hadi PSI 15, eneo hilo linakaribia kuwa mara mbili, na mkandamizo juu ya mchanga unashuka kwa nusu. Ubavu wa tairi nao una ugumu wake, kwa hiyo hesabu haitatoka sawasawa, lakini tofauti utaiona kwenye alama ya gurudumu: mfereji mwembamba wenye kingo zilizoinuka unageuka kuwa utepe mpana usio na kina.

Uwezo huo wa kurekebisha ndio unaonifanya nivumilie tairi la upepo huku Nzuguni na Iyumbu, kwenye viwanja ambavyo bado ni kichanga. Tairi la foamu linakuja na ugumu wake wa kiwandani na hulibadilishi. Kwenye mchanga linafanya kazi kama tairi la upepo lililojazwa hadi mwisho. La mpira mtupu, ambalo mara nyingi pia ni jembamba, linachimba. Ukilazimika kulitumia mchangani, tandika mbao toka kwenye mchanganyiko hadi kwenye jamvi, na uzipange ili maungio yasiwe na ngazi ya kuligonga gurudumu.

Sasa miiba. Ya migunga ni mirefu na migumu, na mbigili hunata kwenye tairi mpaka zinapenya. Kabla ya kuziba tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kikinasa, kuna ncha ya mwiba imebaki, uivute kwa plaizi, la sivyo kiraka kipya kitatobolewa siku hiyo hiyo. Kinga ya bei ndogo ni kuchana tyubu kuukuu kwa urefu, kuondoa sehemu ya valvu, na kuitandaza kati ya tairi na tyubu nzima. Dawa ya maji ya kuzibia pancha nayo inasaidia kwa tundu dogo la mwiba, lakini haizibi ubavu uliochanika, na kwa ukame wetu hukauka baada ya muda ikabidi uongeze.

Tundu lenyewe linaeleza kosa liko wapi. Tundu moja upande wa nje wa tyubu ni mwiba au msumari. Matundu mawili yanayokaribiana ni upepo mdogo mno: gurudumu liligonga jiwe na ringi ikaibana tyubu. Tundu la upande wa ndani linatokana na kutu au ncha ya ringi, hapo piga brashi ya waya kabla ya kurudisha. Kwa hiyo unapoteremsha upepo kwa ajili ya mchanga, angalia toroli ikiwa imejaa: ubavu uvimbe kidogo, lakini kati ya ukingo wa ringi na ardhi vidole viwili vipite bila shida.

Tahadhari moja si ya kupuuza. Kuna ringi za toroli ambazo ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa bolti. Ukilegeza bolti hizo tairi likiwa na upepo, kipande kinaweza kuruka na kuumiza vibaya. Toa upepo wote kwanza, chomoa na sindano ya valvu, ndipo ushike spana. Na kiwango cha juu cha PSI kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Kompresa ya matairi ya malori hukipita kwa sekunde chache.

Tairi la foamu nalisifu kwa saiti iliyo kwenye hatua ya fomu na mapaa, ambako misumari na vipande vya waya wa kufungia nondo vimetapakaa. Msumari unaingia, unauchomoa, kazi inaendelea. Udhaifu wake ni mwingine. Jua kali huukausha uso wake ukapasuka nyufa, na toroli ikilala usiku na mzigo, tairi linabonyea upande mmoja, kesho yake gurudumu linadunda. Ilaze kichwa chini, kivulini. Pia linaweza kuteleza juu ya ringi. Kabla ya kununua mengi, nunua moja, chora mstari wa chaki toka kwenye tairi hadi kwenye ringi, sukuma mzigo kwenye kona kali, kisha tazama. Mistari ikiachana, halijabana vizuri, na litaendelea kulika kwa ndani. Hakikisha pia tundu la ekseli na upana wa habu vinalingana na toroli yako, kwa sababu 4.00-8 haisemi lolote kuhusu hivyo viwili.

Kuna mafundi wanaojaza tairi la upepo kwa foamu ya kopo, ile ya kuzibia pembeni mwa fremu za milango. Usijisumbue. Inahitaji unyevu wa hewani ili igande, na ndani ya tairi lililofungwa katikati hubaki majimaji. Hata sehemu iliyoganda ni laini, inasagika chini ya mzigo. Foamu halisi ya kujazia ni ya dawa mbili zinazochanganywa na kusukumwa kupitia valvu. Kwa tairi la ukubwa huu inaongeza kama kilo tano au sita, na tairi likiisha huwezi kuitoa ila kwa kukata.

La mpira mtupu, juu ya jamvi lililokauka, ni jepesi kusukuma kuliko yote na halidai matunzo. Likitoka hapo, kila jiwe linafika moja kwa moja kwenye beringi, kwenye vishikio vya ekseli na kwenye welding ya fremu. Vumbi jekundu la kutu likitokea kando ya ekseli, chuma kimeanza kulika. Fungua, safisha, tia grisi au badilisha bushi. Zege nalo linatikisika, kokoto zinashuka chini na maji yanapanda juu, hivyo likifika lazima lipigwe koleo upya.

Mkokoteni wenye matairi ya gari ni habari fupi: bakia kwenye upepo. Mifuko 10 ya saruji ni kilo 500, kila gurudumu linapata angalau 250. Cha kuangalia ni matairi mawili yawe na upepo sawa kwa geji, maana lenye upepo mdogo ni zito kuviringika na litauvuta mkokoteni upande wake njia nzima.