Jenereta ya fleti: tutenge kwa bei ya zamani au bei ijayo?

Jengo letu Kilimani lina fleti 24 na jenereta iliyotugharimu shilingi 1,200,000. Fundi anaipa miaka 8. Kamati imegawanyika kuhusu kiasi cha kutenga kila mwaka ili tununue nyingine ikichoka.

Njia ya kwanza ni kugawa bei tuliyonunulia kwa miaka 8: 150,000 kwa mwaka, kama shilingi 520 kwa kila fleti kwa mwezi. Haina ubishi, risiti ipo. Shida ni kwamba bei ikipanda asilimia 6 kila mwaka, jenereta ya aina hiyo itafika takriban 1,913,000. Tutapungukiwa 713,000, yaani karibu 30,000 kwa kila mlango kwa mkupuo. Na aliyehama mwaka wa saba atakuwa ameutumia umeme na kumwachia mgeni deni.

Njia ya pili huanza na hiyo bei ijayo: kama 239,000 kwa mwaka, au 830 kwa mwezi. Asilimia 6 ni kisio tu, kwa hiyo kila mwaka tuombe bei mpya dukani, tupunguze humo akiba tuliyo nayo na riba yake, kisha tugawe kinachobaki kwa miaka iliyosalia. Mimi naichagua hii.

Kwenye bajeti, wengine wanataka pesa hizo zikae ndani ya "Matengenezo". Hapana; pampu ikiharibika Machi zitaliwa. Ziandikwe chini ya jumla ya matumizi, "Uhamisho kwenda akiba ya jenereta", na akaunti yake pekee.